Kuandika dekori ya studio mu maandishi ili ibakie ile ile nyuma ya mutangazaji kila emisyo

Hapa Goma vijana wengi wanaofanya emisyo za mtandaoni wako na kitambaa cha kijani, simu ya kufilimu na paneli moja ya ledi, nyuma ya mutangazaji wanaweka picha ya studio iliyotoka mu programu ya kutengeneza picha kwa maandishi. Emisyo ya kwanza inatoka muzuri. Ya pili ukuta umegeuka rangi, etajeri imehamia upande mwingine, ya tatu kumezaliwa dirisha lenye haikuwako. Mwenye kuangalia hatasema "dekori imebadilika" lakini atasikia kama ni emisyo ingine kabisa.

Sababu ni moja tu: kila juma wanaandika maneno mapya na kuomba picha mpya. Maandishi peke yake hayawezi kuchunga studio ile ile, hata ukirudilia sentensi ile ile programu itakupatia chumba kingine. Maandishi yako na kazi mbili, kuzaa picha mara ya kwanza na kuitengeneza siku moja ukitaka kubadilisha kitu kidogo. Kinachobakia ile ile ni picha yenyewe, ukishaipata unaifunga. Kwa hiyo tuandike karatasi moja ya dekori, moja tu, na tuiandike vizuri tangu mwanzo.

Nitachukua mfano mumoja mpaka mwisho: emisyo ya bei za chakula mu Soko Virunga, dada mumoja amekaa nyuma ya meza, anaonekana kuanzia kiuno kwenda juu, kamera haisogei.

Anza na kamera, siyo na viti

Wengi wanaanza na "studio ya kisasa, viti vizuri, taa za rangi". Programu ikisoma "studio" tu inapenda kuchora ukumbi mukubwa unaonekana toka juu, sakafu inangaa, kuta za pembeni zinakimbia mbali. Ukiweka dada yako mbele ya ile picha ataonekana kama kikaratasi kimebandikwa, na utapoteza saa nzima unarekebisha filtre ya kijani wakati shida haiko pale hata kidogo. Shida ni kwamba kamera ya picha na kamera yako haziko fasi moja.

Mutu mukubwa akikaa kwenye kiti cha kawaida, macho yake yako karibu metre 1.20 toka chini. Weka simu kwa urefu ule ule kwenye trepie, na uandike urefu ule ule mu maandishi: kamera iko metre 1.20 toka sakafu, inaangalia moja kwa moja mbele, haikuinama. Kisha andika ukuta uko mbali namna gani na picha inakatia wapi, kwa mufano ukuta wa nyuma uko metre 3 toka kamera na picha inakatia juu ya sakafu.

Kuna ujanja mumoja wenye unaondoa nusu ya matatizo. Mistari yenye kukimbia kwenda mbali, kama pembe za meza ao rafu za ukuta wa pembeni, njo inasaliti urefu wa kamera. Ukiirefusha yote inakutana kwenye mustari mumoja, na ule mustari uko kwenye urefu wa jicho la kamera, kwa hiyo unapaswa kupita kwenye macho ya dada. Ukuta wenye unautazama uso kwa uso hauna ile mistari. Basi kama ndiyo unaanza, andika ukuta mumoja tu wa mbele, bila kuta za pembeni, bila sakafu, bila plafo. Picha inakuwa rahisi sana, ndiyo, lakini haina fasi ya kudanganya. Ukishazoea utaongeza pembe ya chumba.

Mwanga: andika taa yenye uko nayo

Usivumbue mwanga mu maandishi halafu ukaanza kutafuta taa ya kuufananisha. Fanya kinyume. Angalia paneli yako iko wapi. Kwenye mfano wetu iko upande wa kushoto, juu kidogo ya kichwa, nyeupe kama mchana (paneli nyingi zinaandikwa 5600K). Basi mu karatasi unaandika: mwanga laini mweupe unatoka kushoto kwa picha, juu kidogo, vivuli vinaangukia kulia.

Sema "kushoto kwa picha" kila mara, usiseme "kushoto kwa mutangazaji", juu kushoto kwake ni kulia kwako na mutu mwingine wa ekipe akisoma karatasi atageuza kila kitu. Kuhakikisha ni rahisi: angalia kivuli cha pua ya dada na kivuli cha kikapu kwenye etajeri. Kama kimoja kinaenda kulia na kingine kushoto, macho ya mutu yanakataa hata kama hajui sababu. Pale hakuna haja ya kuzaa picha upya, ifungue mu GIMP, programu ya kurekebisha picha, na uigeuze kama kioo. Ni kwa sababu hiyo tu ninapenda dekori isiyo na maandishi ndani yake.

Taa za manjano zile ndogo za mapambo unaweza kuziweka nyuma, zinapendeza na zinapasha chumba, sharti ziwe ndogo na mbali na kichwa. Taa ya manjano mukubwa karibu na bega lake itaomba bega nalo liwe manjano, na wewe uko na paneli moja tu nyeupe.

Sasa dirisha. Kila mutu wa Goma anataka mulima Nyiragongo ao ziwa Kivu nyuma ya mutangazaji, ninaelewa, lakini dirisha ni taa. Likionyesha mchana, macho yanangojea kuona mwanga wake kwenye nywele na bega la dada, na haupo. Tena mawingu yale yale yamesimama fasi moja emisyo yote, kila juma, yanachekesha. Mimi ningeweka mulima kama tablo ndogo yenye imetundikwa ukutani ndani ya kadre ya mbao. Watu wataujua tu, na hauombi mwanga wowote.

Ukuta na rangi

Hapa njo penye kazi. Goma yote imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, kwa hiyo ukuta wa yale mawe ni wazo zuri, unasema fasi tuko bila kuandika jina la muji. Lakini uko na mitego miwili.

Ya kwanza ni neno lenyewe. Ukiandika "ukuta wa lava" programu nyingi zinakuletea moto, nyufa nyekundu zinawaka, emisyo ya maharage inageuka kuwa ya mwisho wa dunia. Usitaje lava wala volkano. Eleza kile jicho linaona: ukuta wa mawe ya rangi ya majivu meusi, yamekatwa kwa mukono, yako na matundu madogo madogo, hayangai, kati yake kuna simenti nyepesi.

Ya pili ni giza. Ngozi yetu ni nyeusi ao kahawia, nywele nyeusi, mara nyingi veste nyeusi. Ukiweka hivyo vyote mbele ya jiwe jeusi na taa moja tu, kichwa kinazama ndani ya ukuta, upande wa kulia wenye kivuli unapotea kabisa. Mawe yabakie pembeni. Nyuma ya kichwa weka paneli bapa yenye rangi ya katikati, isiyo nyeusi wala nyeupe kabisa (nyeupe kabisa itafanya uso uonekane giza zaidi).

Rangi gani? Wengi watachagua rangi ya udongo ama machungwa, juu inaonekana ya "kiafrika". Mimi nakataa. Ngozi ya mutu, iwe nyeusi sana ao nyeupe, rangi yake iko upande wa machungwa, tofauti ni giza tu. Paneli ya rangi ya udongo inakula uso. Upande wa kinyume ni buluu, basi chukua buluu yenye majivu ndani, kama ziwa siku ya mawingu, uso utatoka mbele peke yake. Mu karatasi ninaandika "buluu ya majivu, kama ziwa siku ya mawingu", na pembeni namba ya ile rangi, #5F7F92. Programu nyingi hazitii zile namba, usitegemee. Namba ni yako, ya kurekebisha picha kisha na ya kupaka bande ya jina chini ya ekra ili rangi zifanane.

Zitoshe rangi tatu: buluu ya paneli, jiwe jeusi #3A3836, mbao ya kahawia #6B4427. Ya nne ni nguo ya dada na ile haiko mikononi mwako.

Kupima: piga picha ya dada mbele ya dekori, geuza yote iwe nyeusi na nyeupe, ipunguze mpaka iwe ndogo kama kidole gumba. Ukiona bado mustari wa kichwa na mabega unatengana na ukuta, iko sawa. Usipouona, ongeza mwanga wa paneli ya buluu mu picha, siyo kwenye uso.

Vitu vya mu chumba

Meza ya mbele usiichore. Dada anaweka mikono juu ya meza, kwa hiyo weka meza ya kweli mbele ya kitambaa cha kijani, itandikie kitambaa cha kahawia, imeisha. Meza ya kuchorwa inaomba picha ya pili yenye kukaa mbele ya mutangazaji na mikono yake itapita ndani kama mzimu. Maandishi yaseme tu vitu vya nyuma.

Kwa kila kitu sema fasi yake, urefu wake na kimetengenezwa na nini. "Etajeri" peke yake haitoshi. Etajeri moja ya mbao ya kahawia, upande wa kushoto wa picha, urefu wa metre 1.80, rafu tatu. Namba ziwe ndogo, ukiomba vikapu saba utapata vitano ao tisa, ukiomba viwili mara nyingi utapata viwili. Chagua vitu vyenye kila mutu anajua ukubwa wake, kwa mufano bidon ya manjano ya litre 20. Ile bidon ni kipimo: ikitoka kubwa kuliko kifua cha dada, ujue ukuta umechorwa karibu mno.

Usiandike vitu usivyovitaka. "Hakuna maua" mara nyingi inaleta maua, juu programu imeona neno maua. Andika "rafu ya juu ni tupu". Programu zingine ziko na fasi yake maalum ya kuandika vya kuepuka, inaitwa `negative prompt`, maneno ya aina hiyo yaende pale tu.

Chukudu nayo, ile trotineti kubwa ya mbao ya kubebea mizigo. Ingekuwa vizuri kuona chukudu kadogo ka mbao kwenye rafu, lakini programu nyingi haziijui, zitakuchorea trotineti ya mutoto ama baisikeli. Unaweza kueleza umbo lake kwa mistari minne na bado itatoka kilema. Tafuta chukudu kadogo ka kuchonga, kapige picha chini ya paneli yako ile ile ikiwa kushoto, ukate, ukabandike mu GIMP. Vitu vyote vya kwetu vyenye programu haivijui nafanya vile.

Ekra ya ukutani yenye kuonyesha bei, iandike kama mustatili mutupu wa majivu meusi, bila maandishi. Herufi zenye programu inachora mara nyingi zinatoka zimevunjika, tena bei zinabadilika kila juma. Utaweka bei juu yake mu OBS, programu ya kuchanganya kamera na picha.

Karatasi yenyewe

Sasa inakuwa hivi. Panga kamera kwanza, mwanga, ukuta, hali, vitu mwisho, juu programu zingine za zamani zinakata maandishi marefu na chenye kiko mwisho njo kinapotea. Kama kuna cha kupotea kiwe kikapu, kisiwe kamera.

```
KAMERA: urefu metre 1.20, inaangalia mbele,
 ukuta uko metre 3, picha ya upana 16:9
MWANGA: laini, mweupe, toka kushoto kwa picha,
 vivuli vinaangukia kulia
UKUTA: katikati paneli bapa ya buluu ya majivu,
 pembeni mawe meusi ya matundu, hayangai
HALI: chumba kitupu, ukuta hauko mukali sana
VITU: kushoto etajeri ya mbao, rafu tatu,
 vikapu viwili, bidon ya manjano, rafu ya juu tupu;
 kulia ekra tupu ya majivu meusi, chini yake taa
 ndogo ya manjano
```

"Chumba kitupu" ni muhimu, bila lile neno utapata mutangazaji wa kuchorwa amekaa pale katikati. Na "hauko mukali sana" ni kwa sababu simu ikilenga uso, ukuta wenye uko metre 3 toka kamera hauwezi kuwa mukali kama uso, lazima ulainike kidogo.

Programu nyingi zinasikia Kifaransa ama Kiingereza vizuri kuliko Kiswahili, kwa hiyo utatafsiri wakati wa kubandika, lakini karatasi mama ibakie ya Kiswahili yenye ekipe yote inaelewa.

Kuzaa, kuchagua, kufunga

Zaa picha kadhaa, na usichague yenye kupendeza. Chagua yenye kamera sawa na mwanga sawa, hata kama bidon imetoka mbaya, juu bidon unaweza kurekebisha, urefu wa kamera hapana. Kisha rekebisha vipande, bandika chukudu, na kama picha imetoka ndogo (1344×768 kwa mufano) ikuze mara moja tu mpaka 3840×2160, ukikata kidogo juu ama chini ili ifike 16:9 kamili.

Hifadhi kama PNG, jina `dekori_soko_v1.png`. Pembeni weka karatasi, jina na versio ya programu, na namba ya `seed`, ile yenye programu inaanzia wakati wa kuzaa picha. Namba ile pamoja na maneno yale yale na programu ile ile inaweza kurudisha picha ile ile, lakini ukibadilisha neno moja etajeri inatembea, na programu ikipata versio mpya hakuna garanti. Ni ya akiba.

Ukimtumia rafiki picha kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, mawe yanageuka uji, na siku mashini yako itakufa ile ya uji njo utabakia nayo.

Mu OBS picha inakaa chini, kamera juu na filtre `Chroma Key`, ile ya kuondoa kijani. Ukishapata ukubwa na fasi ya dada, fungua `Edit Transform`, nakili zile namba kwenye karatasi, kisha funga kufuli kwenye orodha ya `Sources`. Kwenye sakafu bandika skochi fasi ya miguu ya trepie na ya kiti, na kwa urefu wa simu tumia kamba yenye fundo kwa metre 1.20. Kiti kikae karibu metre 2 mbele ya kitambaa, ukikikaribisha kijani kinarudi kwenye shingo na mikono yake.

Emisyo ya pili na zinazofuata

Usizae tena. Ukitaka kubadilisha kitu kwa musimu, kwa mufano kikapu cha mahindi badala ya maharage, funika kile kikapu peke yake mu programu na uombe paka ile fasi ichorwe upya, halafu hifadhi kama `v2`. Mu maandishi ya kipande rudilia mustari wa MWANGA neno kwa neno, juu wengi wanaandika tu "kikapu cha mahindi" na kikapu kinatoka na kivuli upande mwingine.

Nguo: kitenge chenye kijani kinatobolewa na filtre, utaona etajeri ndani ya tumbo la mutangazaji. Kupunguza `Similarity` kunasaidia kidogo kisha kitambaa chenyewe kinaanza kuonekana kwenye pembe. Afazali kumwambia mapema, kwa heshima, "dada, juma hii tusiweke kijani". Buluu ya paneli nayo siyo nzuri kwa nguo, haitobolewi lakini mabega yanapotea.

Ukitaka uso wa karibu, usiombe programu "studio ile ile kwa karibu", mara nyingi itavumbua ingine. Njo maana tulikuza mpaka 3840×2160: kwa picha ya mbali unatumia yote, kwa karibu unakata kipande cha 1920×1080 nyuma ya kichwa, unakilainisha kidogo mu GIMP kwa `Gaussian Blur`, na mutangazaji unamkuza mara mbili vilevile. Kukata hakubadilishi urefu wa kamera, kwa hiyo inabakia kweli. Simu ifilimu 4K kama inaweza, bila vile uso uliokuzwa mara mbili utakuwa na ukungu. Picha ya toka pembeni hii njia haiwezi kukupa, ile inaomba studio ya kujengwa kwa 3D, mu Blender kwa mufano, na karatasi yako njo plani utampa mwenye kujenga, urefu wote umeshaandikwa.

Na kama unafikiri siku moja utakaribisha mugeni, mama muuzaji wa soko ao nani, amua leo kabla ya kufunga. Kwa mutu mumoja paneli ya buluu ya upana wa metre 1.40 inatosha, kwa wawili wamekaa pamoja inaomba kama metre 2.60, na etajeri isukumwe mpaka ukingo wa picha. Iandike kubwa tangu `v1`, hata kama dada atakaa peke yake kwanza, juu kupanua ule ukuta kisha ni kuzaa dekori mpya.